Samaki wa kijani na jani lililofifia: nilivyopima jedi mezani kwangu Kisumu

Mimi ni mzaliwa wa Tabaka. Kwetu jiwe la sabuni huchongwa likiwa limelowa, kwa panga kwanza, halafu kisu, halafu msasa ndani ya karai la maji. Nilipohamia Kisumu kuuza vinyago nikajiona fundi wa kila jiwe, na kiburi hicho kilinigharimu shilingi 12,000. Mpita njia mmoja aliniuzia vikuku vitano vya jedi, jiwe gumu la thamani ambalo aghalabu ni la kijani. Aliniwekea kimoja shavuni nikahisi baridi kama ya maji ya mtungini, nikalipa papo hapo. Wiki haikuisha kabla mteja hajapitisha ncha ya kisu juu ya kimoja kati ya hivyo na kuacha mkwaruzo. Kumbe ni serpentini, jiwe ambalo mara nyingi huuzwa kama jedi na ambalo kwa kawaida hushindwa na chuma. Jedi halisi haikwaruzwi na kisu hivi hivi.

Tangu hapo nilijifunza kwamba ile baridi haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake. Baridi hukwambia tu kama kitu ni jiwe au plastiki. Plastiki haipokei joto la mwili haraka, kwa hiyo shavuni huonekana vuguvugu mara moja, ilhali jiwe hulivuta joto hilo. Lakini serpentini hulivuta, kioo hulivuta, na kwatzi, ambalo ndilo hutiwa rangi ya kijani na kuuzwa kwa wingi, lina baridi isiyopungua ya jedi. Na hapa Kisumu saa nane mchana, kitu kikiwa kimelala dirishani, hata jiwe la kweli halina baridi. Mimi hufanya kipimo hiki alfajiri, vitu vyote vikiwa vimelala usiku kucha juu ya meza moja.

Mwaka jana Mama Akinyi, jirani yangu, alikuja na vitu vitatu ndani ya leso. Mumewe marehemu alikuwa baharia na alivileta kutoka safari zake. Kulikuwa na samaki wa kijani kibichi kinachowaka, sanamu ndogo ya mzee mnene anayecheka, yenye rangi ya maziwa, na jani lenye mdudu mgongoni, kijani cha mchicha uliopikwa, na vitone vyeusi ndani yake.

"Huyu samaki ndiye mali," aliniambia. "Hilo jani hata watoto walikuwa wanalichezea. Niangalizie, mwanangu."

Mzee anayecheka hakunisumbua. Asubuhi alikuwa vuguvugu shavuni, na nilipomgeuza nikaona mstari mwembamba ukishuka kutoka sikio hadi nyayo, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mikunjo ya nguo yake ilikuwa imevimba kama iliyofinyangwa kwa unga, bila ukingo wowote uliosagwa. Wapo wanaopasha sindano moto na kuidunga kwenye kitu ili wasikie harufu ya plastiki. Mimi sifanyi hivyo na mali ya watu. Mstari wa kalibu unatosha.

Samaki alinipa kazi zaidi. Nilimwangalia kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi ya simu ikiwa nyuma yake. Kwa macho matupu alikuwa kijani kitupu, ila ndani ya lenzi kijani hicho kiligeuka wavu: nyuzi nyembamba za rangi zikipita katikati ya chembe, na chembe zenyewe karibu hazina rangi. Kwenye ufa mdogo karibu na mkia, na kuzunguka tundu la uzi, rangi ilikuwa imejikusanya kama chai chini ya kikombe. Nilikumbuka kwetu, tunavyolipaka jiwe rangi kisha tukalichora kwa ncha ili weupe utokee: rangi ya kutiwa hukaa pale ilipopata njia. Kijani cha jani hakikuwa na wavu. Kilikolea na kufifia taratibu, na mwanga wa tochi uliingia ndani kidogo ukatulia, kama taa nyuma ya pazia.

Uchongaji nao ulisema. Jedi haichongwi kwa kisu. Ina nyuzi au chembe ndogo ndogo zilizoshikamana hivi kwamba haibanduki vipande kwa urahisi. Husagwa polepole kwa unga wa mawe magumu zaidi, zamani kwa mkono na siku hizi kwa mashine zenye vichwa vya almasi. Kwa hiyo mfereji wake huwa na sakafu ya mviringo, na mng'ao wake mara nyingi ni wa mafuta kuliko wa kioo. Mishipa ya lile jani ilikuwa hivyo hasa. Nilipitisha ukucha ndani ya mshipa mmoja ukateleza bila kukwama. Kwenye jiwe laini ningekuta mfereji mkali wa kisu na kingo zilizochakaa, na watoto walikuwa wamelichezea jani hilo miaka mingi bila kulimegua hata kipande.

Bado hayo ni macho yangu, na macho yangu yalishanilipisha 12,000. Nikatoa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Njia ni rahisi. Pima kitu kikavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, kizamishe chote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, ukikitikisa ili mapovu yatoke. Namba utakayosoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate densiti, yaani kitu hicho ni kizito mara ngapi ya maji ya ujazo uleule.

Samaki: gramu 27.90 akiwa mkavu, 10.53 majini. Inatoka 2.65, ambayo ni densiti ya kwatzi. Mzee anayecheka hakufika hata 1.3. Jani lilikuwa 41.36 na 14.01, yaani 2.95. Jedi ni jina la mawe mawili, nefraiti na jadeiti, jambo ambalo Mfaransa Alexis Damour alilionyesha mwaka 1863. Nefraiti huwa karibu na 2.95, jadeiti karibu na 3.33. Jani la watoto lilikuwa limeangukia palepale kwenye nefraiti, na vitone vyeusi ni vya kawaida kwenye nefraiti ya kijani.

Nililirudia jani mara tatu, maana mara ya kwanza nilipata 2.81 na nikashtuka. Povu lilikuwa limenasa chini ya tumbo la mdudu. Jiwe lililofungiwa kwenye chuma au dhahabu huwezi kulipima hivi kabisa. Na ingekuwa jadeiti, mizani isingeniambia kama imeoshwa kwa asidi na kujazwa gundi; hilo linataka maabara. Vilevile kuna mawe mengine, na hata kioo cha aina fulani, yanayokaribia 2.95, ndiyo maana sikuitegemea namba bila mng'ao na mifereji ile.

Nilimweleza Mama Akinyi nikiwa nimeviweka vitatu mezani pamoja na karatasi ya hesabu. Alinyamaza, akamchukua samaki.

"Kwa hivyo huyu ni rangi?"

"Ni jiwe, mama. Rangi ndiyo ya kutiwa."

Akamvaa shingoni palepale. Jani akalifunga ndani ya leso mafundo mawili, akaniuliza kama watoto wakiliangusha sakafuni litavunjika. Nikamwambia si rahisi, lakini aliondoka ameshika leso kwa mikono yote miwili.