Dakika 47 za kisasi, na karatasi ninayoiacha dukani

Sijaandika siku nyingi humu, na ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Leo nimekaa huku Kirumba, umeme upo, upepo wa ziwa unaingia dirishani, nikasema acha niandike tu yaliyonikuta kabla sijaanza kujidanganya kwamba hayakuwa mabaya kiasi hicho.

Siku yenyewe ilikuwa ya CPI ya Marekani, ile ripoti ya mfumuko wa bei. Kwa saa zetu inatoka saa tisa na nusu alasiri kipindi kile Wamarekani wamesogeza saa zao, wakizirudisha inakuwa saa kumi na nusu. Akaunti ilikuwa na dola 600. Natredi dhahabu, XAUUSD, na kwa wasioijua loti moja ni wakia 100, kwa hiyo ukiweka 0.01 umeshika wakia moja, bei ikisogea dola moja na wewe umepata au umepoteza dola moja. Rahisi. Kanuni yangu ni kuhatarisha asilimia 2, yaani dola 12, nikanunua 0.02 stopu, ile bei ya kunifunga nikikosea, ikiwa dola 6 chini. Kosa la kwanza nililiona baadaye, niliingia dakika 20 kabla ya ripoti kana kwamba sijui leo ni tarehe ngapi.

Ripoti ikatoka, bei ikadondoka kama jiwe, ikaruka stopu yangu kabisa. Badala ya kufungwa pale nilipoweka nikafungwa dola moja na nusu chini yake, kwa sababu kwenye habari kama hizo unafungwa kwa bei itakayopatikana, siyo uliyoiomba. Losi dola 15 badala ya 12. Na hizo dola 3 za nyongeza, aisee, ndizo zilizoniwasha. Niliona nimeibiwa. Losi ya 12 ningeimeza, ni biashara, ila ile 3 niliichukulia kama mtu kanikanyaga makusudi sokoni Mwaloni halafu akacheka.

Dakika tatu baadaye nimenunua tena, 0.05, stopu dola 6, hoja yangu ikiwa "imeshuka sana lazima irudi". Dola 30 zikaenda. Nikageuka nikauza 0.10, na hii ikaanza kunipinga nikaiondoa stopu kwa mkono wangu mwenyewe, bei ikapanda dola 9 ndipo nikaifunga, dola 90. Halafu nikanunua 0.20, hapo kila dola moja ya bei ni dola 20 zangu, na bei ilishuka dola 4 na nusu tu. Dola 90 nyingine. Saa kumi na dakika 17 akaunti inasoma 375.

Kutoka 600 hadi 375 ndani ya dakika 47. Nimepoteza asilimia 37.5, lakini kurudi 600 nahitaji faida ya asilimia 60 juu ya kilichobaki. Ningefunga simu baada ya losi ya kwanza ningehitaji asilimia 2.6 tu. Na cha ajabu soko lenyewe halikunifanyia kitu kikubwa siku hiyo, zile trip tatu za mwisho loti ndiyo iliyoniua, 0.02 kwenda 0.20 ni mara kumi, na sikuwa na sababu hata moja kwenye chati ya kuongeza, sababu ilikuwa ni kurudisha hela ileile leo hiihii.

Kesho yake nikatoa historia ya miezi mitatu kutoka MT5, programu ninayotredia, nikaipeleka kwenye Excel. Angalizo kwa atakayejaribu: MT5 inaandika tarehe kwa nukta, mfano 2024.05.10, Excel haitaelewa kuwa hiyo ni tarehe, inabidi kwanza ubadilishe nukta kuwa vistari. Na saa zake ni za seva ya broka siyo za Mwanza, ila hapa haina shida maana tunatafuta tofauti tu. Nikabakiza safu tatu, A muda wa kufungua, B muda wa kufunga, C faida au losi, nikazipanga kwa muda, halafu kuanzia mstari wa tatu nikaweka hii:

```
=IF(AND(C2<0,(A3-B2)*1440<30),"KISASI","")
```

Maana yake, kama ya nyuma ilikuwa losi na hii imefunguliwa kabla dakika 30 hazijaisha, ipige muhuri. 1440 ni dakika za siku nzima. Haijakamilika, kama unafungua mbili kwa pamoja itakuchanganya kwa sababu inaangalia mstari mmoja tu wa nyuma, na si kila iliyopigwa muhuri ni ya hasira kweli. Lakini kwangu ilitosha. Trip 84, zenye muhuri 23. Hizo 23 zimekula dola 318. Zile 61 zilizobaki zimeleta dola 52. Nilikaa nikiangalia hizo namba mbili mpaka chai ikapoa. Miezi yote nilikuwa nabadilisha indiketa, leo hii kesho ile, na tatizo halikuwa kwenye chati kabisa.

Sasa kanuni. Siyo kwamba sikuwa nazo, nilikuwa nimebandika ukutani "usitredi ukiwa na hasira". Haina kazi. Saa ile sikujiona nina hasira, nilijiona nina akili kuliko siku zote, yaani niko shapu, naona kila kandeli. Mtu mwenye hasira ndiye wa mwisho kujua.

Kilichonifungua ni baba mdogo, ana mtumbwi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanakuja kwenye mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa unamezwa hivyo wavuvi wanatulia nyumbani. Nilimuuliza hivi usiku wa mwisho kabla ya mwezi ukipata hasara ya mafuta hutamani kurudi kesho yake ufidie? Akanishangaa. "Mwanangu, unafidia na nini, mwezi si uko pale juu?" Hawamuulizi mtu anajisikiaje. Wanatazama juu. Nikajua kanuni yangu inatakiwa itazame kitu kilicho nje ya kichwa changu, saa, idadi na asilimia, basi.

Kwa hiyo ikawa hivi. Losi moja kamili, dakika 30 nje, na simu inabaki ndani. Hili la simu nilijifunza kwa maumivu kwa sababu mara ya kwanza nilikaa hizo dakika 30 nikiwa natazama chati, bei ikageuka ikaenda mpaka kwenye lengo langu bila mimi, nikarudi nimewaka kuliko nilivyotoka. Siku hizi natembea kandokando ya ziwa na kurudi. Losi mbili mfululizo, au asilimia 4 ya salio la asubuhi, chochote kitakachotangulia, siku imeisha. Na loti haipandi siku hiyo kwa sababu yoyote.

Niliandika pia kwamba kesho yake naingia na nusu ya loti. Kwenye makaratasi safi, ila kwa salio la 375 asilimia 2 ni dola 7.50, na kwa stopu ya dola 7.50 loti ni 0.01, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote. Nusu yake haipo. Nikabadilisha, kesho yake ni trip moja tu. Wengi mnaochukua kanuni za watu wenye akaunti za maelfu hamtaliona hili mpaka mgote ukuta.

Nani atanizuia sasa? Siyo mimi. MT5 ina paswedi mbili, ya kutredi na ya mwekezaji, hii ya pili inakuonyesha kila kitu lakini huwezi kufungua oda. Paswedi ya kutredi niliibadilisha ikawa ndefu isiyokaririka, nikaiandika kwenye karatasi, na siku ikiisha natoka kwenye akaunti na karatasi anakaa nayo mke wangu dukani kwake. Wiki ya kwanza tu nikapata upenyo, usiku nikaingia kwenye tovuti ya broka nikaomba paswedi mpya kwa imeili. Upenyo mdogo hivyo! Sasa imeili ya akaunti iko kwenye simu yake. Upenyo wa pili ulikuwa kuongeza hela kwa simu, unajiambia hii ni akaunti mpya, losi ya jana haihusiki. Naweka hela tarehe moja ya mwezi tu, tarehe nyingine hapana.

Halafu ile orodha kabla ya kuingia. Ya kwanza ilikuwa na maswali 14, niliitumia siku mbili. Tena kulikuwa na swali moja nililipenda sana, "je, ungeingia hapa hata kama iliyopita ingekuwa ya faida?" Nimelifuta. Mtu wa kisasi atajibu ndiyo kila mara na ataapa. Yamebaki ambayo jibu lake ni namba, naandika kwa kalamu: losi ya mwisho ilifungwa saa ngapi na sasa ni saa ngapi, kuna habari kubwa ndani ya dakika 30 zijazo, stopu iko bei gani na iwekwe ndani ya oda yenyewe, loti imetokaje, na hii ikipotea jumla ya leo itakuwa asilimia ngapi. Loti inabidi nipige hesabu kwenye karatasi, hatari gawanya kwa umbali wa stopu mara 100:

```
7.50 / (7.50 * 100) = 0.01
```

Siku ile ya dakika 47 ile 0.20 isingepita hapo, ningelazimika kuandika kwa mkono wangu kwamba stopu haipo. Na setapu inayotaka stopu ya dola 12 hata ikiwa nzuri vipi naiacha, kwa 0.01 itakuwa zaidi ya asilimia 3, salio langu haliwezi.

Jumatano nilipata losi mbili, 7.50 na 7.20. Jumla 14.70, asilimia 3.9, lakini mbili ni mbili. Ya tatu niliiona ikijipanga vizuri kabisa, nikatoka kwenye akaunti huku roho inauma, na ndiyo, ilikwenda dola 18. Ningefuta zote mbili na chenji juu.

Nilifika dukani sijasema neno. Mke wangu akanitazama usoni, akanyoosha mkono, akaichukua karatasi akaiweka kwenye daftari la madeni. "Kesho saa tatu, Baba Junior. Haya nisaidie hilo kreti la soda, gari la mzigo limeshafika."