Siku moja ya marudio: mzunguko wa damu kwenye karatasi moja

Saa 2:00 asubuhi. Zimebaki siku nne kabla ya mtihani wa baiolojia. Kitabu kimefungwa, mezani kuna karatasi tupu. Kwa dakika 20 naandika njia ya damu kwa kichwa tu, bila kuchungulia. Ukianza na kitabu wazi unanakili, na mkono unaweza kunakili ukurasa mzima huku akili iko kwingine.

Saa 2:20. Sasa kitabu kinafunguliwa, na kalamu nyekundu inasahihisha. Vena kubwa za mwili, chumba cha juu cha kulia, chumba cha chini cha kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena za mapafu, chumba cha juu cha kushoto, cha chini cha kushoto, aota. Mpangilio uko sawa, ila nimeandika kwamba ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Chanzo cha kosa hili ni kukariri kwamba ateri ni mshipa wa damu yenye oksijeni, wakati maana yake ni mshipa unaotoa damu moyoni, basi. Kwa hiyo hii inayokwenda mapafuni hubeba damu yenye oksijeni kidogo.

Saa 3:00. Muhtasari unachukua yale mekundu peke yake, nusu ukurasa: swali kushoto, jibu kulia, ili jibu liweze kufunikwa kwa kiganja. Ninayoyajua tayari hayaingii. Kuyaandika upya kunaburudisha, lakini alama haiongezeki.

Saa 4:30. Ramani ya mawazo hapa ingeharibu kazi. Ukiweka moyo katikati na kuchora matawi ya vyumba, vali na mishipa, matawi hayasemi damu inatoka wapi kwenda wapi, na swali huuliza hilohilo. Njia ya damu inataka mlolongo wa mishale. Kazi za damu ndizo zinazofaa matawi, kwa sababu hazina mpangilio: kusafirisha (oksijeni, chakula kilichomeng'enywa, homoni, taka), kulinda (seli nyeupe, kuganda kwa damu), kusambaza joto. Dakika 10, penseli moja. Ukijikuta unachagua rangi ya tawi la tatu, marudio yamekwisha na uchoraji umeanza.

Saa 8:00 mchana. Maswali ya mitihani iliyopita, karatasi zangu zote za marudio zikiwa zimegeuzwa kifudifudi. Hapa ndipo muda mwingi wa leo unakwenda, saa mbili na nusu. Siku nne kabla ya mtihani, mada ambayo haijajibiwa hata swali moja haihitaji muhtasari mpya, inahitaji maswali.

Saa 2:00 usiku. Karatasi tupu tena, dakika 5, mishale kutoka vena kubwa hadi aota. Ateri ya mapafu imekaa sawa. Vali kati ya vyumba vya kushoto imesahaulika, kwa hiyo kesho muhtasari unaongezewa mstari mmoja.