Mtungi wa gesi uliochakaa: nilivyohangaika na Metallic na Roughness

Mteja alitaka modeli ya 3D ya mtungi wa gesi wa kilo 15 kwa ajili ya tangazo fupi, na sharti lake lilikuwa moja: uonekane umetumika. Umbo nililimaliza jioni moja. Chuma chake ndicho kilichonikalisha siku nne.

Nilifungua Blender, programu ya 3D, nikatumia Principled BSDF, nodi inayoamua mwonekano wa uso, nikaweka rangi ya bluu na mabaka ya kutu, kisha Metallic, kipimo cha uchuma wa uso, nikaiacha kwenye 0.5. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mtungi ni chuma, ila umechakaa, kwa hiyo uchuma umepungua. Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea. Alichungulia skrini akauliza, "Hii ni plastiki imepuliziwa rangi ya fedha? Na kutu hii mbona inang'aa, mjomba?"

Nikautoa mtungi wetu jikoni, nikauweka juani. Kumbe chuma kitupu kilikuwa sehemu mbili tu: pete ya chini inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na ukingo wa mshikio ambapo mikono imekula rangi. Kwingine kote ni rangi ya mafuta, na mwanga unaokutana na rangi haujui kwamba chini yake kuna chuma. Rangi ni Metallic 0. Kutu nayo ni 0, maana ni oksaidi, si chuma tena. Chuma kilichochubuka ni 1. Hakuna hapo kitu cha 0.5. Thamani za katikati zinafaa kwenye mstari mwembamba tu wa mpaka, ambapo pikseli moja imebeba rangi na chuma kwa pamoja.

Basi nikachora maski mbili za nyeupe na nyeusi, moja ya machubuko, nyingine ya kutu. Kwa kuwa kutu hukaa juu ya chuma kilichochubuka, Metallic nikaipata kwa nodi mbili za Math:

```
Metallic = chubuko * (1 - kutu)
```

Ukingo wa mshikio nilijaribu kuuchubua kwa Pointiness, thamani inayotambua kingo za umbo. Inafanya kazi kwenye injini ya kurenda ya Cycles pekee, na inataka modeli yenye vertex nyingi, tena inachubua kila ukingo sawasawa kana kwamba mtungi umepigwa msasa kiwandani. Niliibakiza kama mwongozo, nikafuta kwa mkono pale ambapo hakuna anayeshika.

Kosa la pili lilikuwa Base Color ya chuma. Kwenye picha niliyopiga chuma kilionekana cheusi, nami nikakipa kijivu cha giza. Kumbe kile cheusi kilikuwa taswira ya jiko letu lisilo na dirisha. Metallic ikiwa 1, Base Color inasema ni kiasi gani cha mwanga kinarudishwa, na chuma hurudisha zaidi ya nusu. Niliandika C4C7C7, kijivu cheupe kabisa, na kwa muda kilizidi kuonekana kibaya kwa sababu eneo langu lilikuwa na taa moja na utupu pande zote. Nilipolizungushia picha ya HDRI ya uwanja wa nyumba, chuma kikapata cha kuakisi.

Baada ya hapo uchakavu wote ukawa kazi ya Roughness, ambayo ikipanda mng'ao unafifia. Rangi nikaipa 0.45, kutu 0.85. Mshikio uliong'arishwa na viganja nikaupa 0.3, na pete ya chini, yenye mikwaruzo ya saruji, 0.5. Ndani ya kila eneo nikaongeza Noise Texture, lakini nikaibana kwa Map Range isipande wala kushuka zaidi ya 0.08. Ukiiachia huru, mtungi unapata madoadoa kama umemwagiwa maji.

Hata hivyo kutu iliendelea kung'aa, ile ile aliyoiona mjomba. Nikaweka tufe pembeni, nikalipa Roughness 0.5 kwa kuandika namba, nikalilinganisha na sehemu ya tekscha yenye kijivu cha 0.5. Tufe lilikuwa limefifia, tekscha inang'aa kama imepakwa vanishi. Chanzo ni Color Space: tekscha ilikuwa inasomwa kama sRGB, na 0.5 ikisomwa hivyo inageuka 0.21. Hata 0.85 yangu ya kutu ilikuwa imeshuka hadi karibu 0.69. Nilibadilisha kuwa Non-Color ili namba zisomwe kama zilivyo, kwa Roughness na kwa maski zote mbili, kutu ikafifia papo hapo. Tangu siku hiyo lile tufe halitoki kwenye faili zangu.

Mwishoni nikaunganisha maski ya machubuko kwenye Bump, ili rangi ionekane ina unene pale ilipokatika. Nikarenda, nikamwita mjomba. Akaangalia pete ya chini kwa muda, akasogea katikati ya mtungi, akagusa skrini kwa kidole chenye masizi.

"Mshono wa kuchomelea uko wapi?"

Nikarudi kwenye umbo.