Saa tisa au saa tatu? Karatasi niliyoiandika machimboni

Nafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto huku Lugoba, na mimi ndiye mtoa huduma ya kwanza wa zamu. Kazi yangu hasa ni stoo. Sanduku lenye msalaba nilikabidhiwa baada ya mafunzo ya siku chache, na kwenye mafunzo hayo habari ya kuandika ilichukua dakika kumi hivi, mwishoni, watu wakiwa tayari wanatazama mlango.

Siku moja jiwe la grainda lilipasuka karakana, kipande kikamwingia fundi kwenye paja, kiganja kimoja juu ya goti. Nilipofika damu ilikuwa inaruka kwa mapigo, nyekundu ya kung'aa. Nikakandamiza kwa kitambaa, nikaongeza kingine juu yake, bado inapita. Sandukuni tulikuwa na mkanda wa kuzuia damu, ule wenye kijiti cha kuzungushia. Nikaufunga juu ya jeraha, nikaacha nafasi ya vidole vitatu hivi, nikazungusha kijiti mpaka damu ikakoma. Fundi alipiga kelele ambayo sijaisahau. Mkanda uliofungwa sawasawa unauma sana, na usipouma yafaa uuangalie upya.

Nilikumbuka kuandika saa. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika juu ya mkanda wenyewe: 9:10. Kwenye kipande cha boksi nikaandika jina lake, “jeraha paja la kushoto, mkanda 9:10”, na namba yangu ya simu. Gari likaondoka na dereva na mlinzi. Mimi nikabaki kuosha sakafu.

Saa kumi na nusu simu ikaita. Alikuwa nesi wa mapokezi.

“Kaka, wewe ndiye uliyemfunga huyu mgonjwa? Umeandika 9:10. Ni saa tatu asubuhi?”

“Hapana dada. Saa tisa alasiri.”

Alinyamaza, kisha nikamsikia akimwambia mtu pembeni, “Saa moja na dakika ishirini tu.”

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini alinyamaza. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, lakini kwenye mafaili ya hospitali 9:10 ni saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kwa usomaji wake, mguu ule ulikuwa umekaa bila damu zaidi ya saa saba. Mkanda ukikaa chini ya saa mbili, kwa kawaida mguu huvumilia. Ukipita saa sita, nyama huhesabiwa kuwa imeshakufa, na kuufungua ovyo kunaweza kurudisha sumu mwilini na kumuua mtu. Hapo mazungumzo huwa ya kukata. Tarakimu tatu nilizoandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri, zilikuwa zimemweka fundi wetu kwenye kundi hilo. Kilichomwokoa ni namba ya simu niliyoiongeza bila kufikiri, na nesi asiyeona haya kuuliza.

Tangu siku ile naandika saa mara mbili: 15:10, na pembeni yake “saa tisa alasiri”. Inachukua sekunde nne. Nikisahau kutazama saa, naangalia kwenye simu ni saa ngapi nilimpigia dereva, halafu naandika “kama dakika tano kabla ya 15:15”. Makadirio yanayosema wazi kuwa ni makadirio hayana ubaya.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi, kwa sababu mtu akishavaa kizibao cha msalaba anatamani kuandika kama daktari. Siku hizi karatasi yangu ina sehemu tatu: nilichoona, nilichoambiwa, nilichofanya. Nikiandika “amelewa” nimeshamhukumu, na daktari anaweza kuacha kumpima sukari. Nikiandika “anayumba, maneno hayaeleweki, sijasikia harufu ya pombe” nimempa kitu cha kufanyia kazi. Kwenye nilichofanya naandika pia ambacho hakikufanyika: hakupewa maji, hakupewa dawa. Kama mwenzake alishampa kikombe cha chai kabla sijafika, inaandikwa vilevile, maana mtu wa kutoa dawa ya usingizi hospitalini atataka kujua tumboni kuna nini.

Mwaka uliofuata kijana alianguka kutoka kwenye ngazi ya mkanda wa kokoto. Karatasi yake naikumbuka karibu yote.

Niliambiwa: ameanguka kama mita 3, kofia ngumu hakuivaa, alizimia “kidogo” kisha akaamka. Mwenzake amempa vidonge viwili vya diklofenaki kwa ajili ya kichwa. Nilipoandika vidonge hivyo yule mwenzake aliniomba nivifute, akiogopa lawama. Sikufuta, ila jina lake sikuliweka, kwa sababu daktari alihitaji kujua dawa inayozuia damu kuganda, hakumhitaji yeye.

Niliona: uvimbe juu ya sikio la kulia, ngozi haijapasuka. 08:05, saa mbili asubuhi na dakika tano: macho wazi, anajua jina lake na siku. Mapigo 88 kwa dakika, anapumua mara 16. 08:20: anasinzia, akiitwa anaamka, anauliza swali lilelile mara tatu, ametapika mara moja. Mapigo 76. 08:35: haitikii sauti, akifinywa anavuta mkono. Mboni ya kulia kubwa kuliko ya kushoto. Mapigo 56, anapumua mara 10, si kwa mpangilio.

Nilifanya: nimemlaza chali pale alipoanguka, kichwa kimeshikwa kisigeuke. Alipotapika tumemgeuza ubavu mwili mzima kwa pamoja, tukamwacha hivyo hivyo. Hakupewa maji.

Sikuandika kwamba damu inavuja ndani ya fuvu, kwa sababu ndani ya fuvu sikuona. Lakini ukisoma mistari mitatu ile kwa kufuatana huhitaji kuambiwa. Mtu anayepoteza damu nyingi mapigo yake kwa kawaida hukimbia. Huyu yalikuwa yanapungua huku fahamu nazo zikiondoka, na hiyo ni dalili ya shinikizo kwenye ubongo. Kama ningeandika mstari wa 08:35 peke yake, angeonekana mtu aliyepoteza fahamu tangu alipoanguka. Safari hii nilipanda gari mwenyewe. Tabibu wa kituo cha afya alisoma karatasi akiwa amesimama, akamulika macho kwa tochi, akaanza kupiga simu ya rufaa kabla hajakaa. Karatasi ikaenda na mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeshaipiga picha kwa ajili ya faili la stoo, na picha hiyo haiingii kwenye kundi la wafanyakazi la WhatsApp, hata bosi akiniomba.

Kupumua bado ndiko kunakonisumbua. Mtu akijua unamhesabu hubadilisha pumzi, kwa hiyo najifanya naendelea kupima mapigo, nimeshika kifundo cha mkono, kumbe natazama kifua kwa sekunde 30, nikizidisha mara mbili. Ikiwa pumzi hazina mpangilio nahesabu dakika nzima. Kuna siku sikuweza kuhesabu kabisa kwa vumbi na kelele za mashine, nikaandika “kupumua: sikuhesabu”. Namba ya kubuni ingejaza nafasi vizuri zaidi, lakini kuna mtu angeilinganisha na ya kwake.

Na naandika kwa penseli. Kalamu ya wino haikubali karatasi iliyoloa damu au jasho. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye mpini wa sanduku, baada ya kuikosa mara mbili. Madereva huichukua kuandikia tripu za kokoto.