Kadi 34 sakafuni
Rasimu ya riwaya yangu ilifika sura 34 na bado haina mgongo. Kati ya vitabu vya ufundi wa uandishi nilivyosoma, kilichonifaa ni cha zamani, Aspects of the Novel cha E. M. Forster (1927). Anasema mfalme akifa, kisha malkia akafa, hiyo ni hadithi tu. Malkia akifa kwa majonzi, hapo pana msuko.

Basi kila sura nikaiandikia sentensi moja kwenye kadi, nikazitandaza sakafuni, na kati ya kila kadi na inayofuata nikaweka ama "kisha" ama "kwa hiyo". "Kisha" zilikuwa 21, jamani! Sura ya harusi, kipenzi changu, haikusababisha chochote. Sikuifuta. Usiku ule wa harusi sasa shemeji anaiba hati ya shamba, na bi harusi anamwona.