Mahali pa kuajiriwa

Asubuhi hii mdogo wangu wa mwisho kanitumia picha mbili kwa WhatsApp. Kontra mbili: moja ya hapa Lubumbashi, nyingine ya Kambove. Chini yake kaandika tu: "Yaya, nichukue ipi?" Nilikuwa nasonga bukari. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka ikashika chini ya sufuria, maana nilijiona mimi mwenyewe, 2019, kwenye meza ya baba mkubwa kule Katuba.

Nilikuwa nimemaliza uhasibu na kukaa nyumbani miezi minane. Halafu zikaja kazi mbili katika wiki moja. Ya Lubumbashi ilikuwa dola 450, duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Ya Likasi ilikuwa 320, karakana ya kutengeneza mashine, kilomita kama 120 kutoka hapa. Kwangu hapakuwa na la kufikiri. Nilikwenda kwa baba mkubwa ili anipongeze tu.

Umeme ulikuwa umekatika. Alisoma kwa tochi ya simu, miwani kwenye ncha ya pua, kidole kikipita chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka yote aliandika mishahara ya watu kwenye kampuni ya mine, na kidole chake cha shahada kilikuwa na alama ya bluu ya bic isiyotoka tena.

"Mama, hii 450 ni kabla ya makato," alisema. Akageuza bahasha, akaandika nyuma yake. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5. Kisha kodi ya mshahara, ambayo kwa sehemu kubwa ya pesa ile ilikuwa asilimia 15. Ikabaki karibu 375. Ile 320 ya Likasi wenyewe walikuwa wameandika kwamba ni ya mkononi. Pengo la dola 130 likawa 55, mbele ya macho yangu.

Nikamwambia nataka kupanga Kampemba, karibu na kazi: vyumba viwili, dola 120 kwa mwezi, na mwenye nyumba anadai garanti ya miezi sita. Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, lakini mwenye nyumba ndiye aliyeshika ufunguo. Dola 720 kabla sijapokea mshahara wa kwanza. Baba mkubwa hakuandika namba hiyo. Aliniangalia tu.

Halafu akarudi kwenye kontra ya Likasi, na kidole kikasimama.

"Hawa walikuhoji wapi?"

"Hapa mjini, baba mkubwa."

"Na barua walikupa wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi kwa nini wameandika mahali pa kuajiriwa ni Likasi?"

Niliona ni neno la kujaza nafasi. Akanieleza polepole. Sheria ya kazi, ile ya 2002, inasema mtu akiajiriwa mbali na mahali pa kazi, mwajiri anampa nyumba au posho ya nyumba, na safari ya kwenda ni juu ya mwajiri. Mstari ule ukisomeka Likasi, mimi ni mtu wa Likasi, sidai kitu. Ukisomeka Lubumbashi, nawadai nyumba.

"Na wakikasirika, wakanyima kazi?"

"Utakuwa umewajua kabla ya kuhama."

Siku ya pili nilikwenda ofisini kwao, mikono inatoka jasho. Yule bwana alisoma, akanyamaza muda mrefu. Kisha akafuta Likasi kwa kalamu, akaandika Lubumbashi, akatia sahihi pembeni, nami nikatia yangu. Posho ya nyumba ikawa dola 60, na nyumba niliyoipata ilikuwa 50, karibu na karakana, nilikwenda kwa miguu.

Nilikaa miaka miwili. Nilikuwa mhasibu peke yangu: kasha, mishahara ya watu 23, kodi ya kupeleka kabla ya tarehe 15 ya kila mwezi. Mwezi mmoja nilichelewa, kampuni ikalipishwa faini, na hapakuwa na mkubwa wa kunionyesha kosa lilianzia wapi. Nililia, nikatafuta mwenyewe. Rafiki yangu aliyechukua ile nafasi ya Lubumbashi aliingiza fakitiri tu miaka ile yote miwili. Lakini alikuwa mjini wakati kampuni moja ya mine ilipotafuta watu, akasikia siku hiyo hiyo. Mimi nilisikia baada ya wiki tatu, nafasi zimejaa. Leo mshahara wake ni karibu mara mbili ya wangu.

Kwa hiyo sijui nimwambie nini huyu mdogo. Nimekuza picha ya kontra ya Kambove kwa vidole, lakini aliipiga vibaya, kona ya juu imekatika. Nimemwandikia swali moja: "Mahali pa kuajiriwa wameandika wapi?"

Bado hajajibu.