Kwa nini nilimfuta Tone: slaidi zangu za mzunguko wa maji zilivyogeuka hadithi

Tone la maji haliwezi kuwa shujaa wa hadithi ya mzunguko wa maji. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyemwomba ushauri aliniambia kinyume chake, na nikapoteza jioni kama tatu hivi kwa kuwasikiliza.

Nilikuwa na slaidi 12 za somo la sayansi: bahari chini, jua pembeni, wingu juu, na mishale ya buluu ikizunguka. Nilitaka nizigeuze hadithi fupi ya kuwasomea watoto kabla ya somo lenyewe. Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni kazi ndogo. Chukua tone, litie macho na mdomo, lipitishe kwenye kila mshale. Umemaliza." Nikafanya hivyo hivyo. Tone akaaga wenzake baharini, akapigwa na jua, akapanda, akapanda, akafika winguni.

Sikufika ukurasa wa tatu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mimi sijawahi kuona matone yakipanda?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Si anapanda polepole! Lakini Mwalimu, kule juu alifika akiwa bado amelowa?"

Nilikwenda nyumbani na maswali hayo mawili, na kadiri nilivyoyatafakari ndivyo hadithi yangu ilivyobomoka. Maji yanapovukizwa hakuna tone linalopanda. Molekuli za maji hujibandua juu ya uso wa maji moja moja, huchanganyika na hewa, na hazionekani kabisa. Tone lenyewe hupungua mpaka likaisha. Kwa hiyo shujaa wangu alipaswa kutoweka ukurasa wa pili. Vile vinukta vya buluu kwenye mshale wa slaidi vilichorwa kwa sababu mchoraji hana namna ya kuchora kisichoonekana, na mimi nilikuwa nimevigeuza kuwa mtu mwenye macho. Nilijaribu kumwokoa: akasambaratika baharini, akajiunga tena winguni. Huo nao ni uongo, maana molekuli zilizotoka kwenye tone moja hutawanyika hewani pande zote, na hakuna kinachozirudisha pamoja. Humo humo nikakuta nimeandika kwamba jua "liliyachemsha" maji ya bahari. Nikaifuta sentensi hiyo. Nguo iliyoanikwa kivulini hukauka, wala hakuna kilichochemka.

Jibu nililipata kwenye kioo cha dirisha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na asubuhi matone yalikuwa yameshakauka. Kila mahali palipokuwa na tone palibaki doa dogo la kijivu lenye ukingo mweusi kidogo kuliko katikati. Nikapitisha kidole, kikatoka na vumbi. Maji yalikuwa yameondoka, vumbi limebaki. Mengine yalikuwepo kiooni tangu hapo, na mengine yalishuka na mvua. Hapo nikakumbuka mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya slaidi ya 7, ya mtonesho, ambao siku zote nilikuwa naupita haraka: mvuke hushika juu ya chembe ndogo za vumbi, moshi au chumvi ndipo uwe vitone.

Basi shujaa ni vumbi! Nikamwita Kivumbi. Yeye hatoweki wala habadiliki. Maji ndiyo yanayokuja kwake na kuondoka, na mtoto anaweza kumfuata tangu mwanzo hadi mwisho bila kudanganywa. Punje ya chumvi ya bahari hushika mvuke vizuri zaidi kuliko vumbi, na nilifikiria kumtumia huyo, lakini chumvi huyeyuka ndani ya kitone na ningerudi kwenye tatizo la Tone.

Mpangilio wa slaidi ilibidi uvurugike. Somo linaanzia baharini, hadithi ikaanzia barabarani, kwenye upepo. Sehemu ninayoipenda ni hii:

"Kivumbi alipaa na hewa ya moto hadi juu, mahali penye baridi. Hakuona mtu, lakini alihisi anaguswa. Ubaridi kidogo huku, ubaridi kidogo kule. 'Nani huyo?' akauliza. 'Ni sisi maji,' wakajibu. 'Tulikuwa hapa muda wote. Tulikosa tu pa kukaa.'"

Yule wa swali la kwanza hakukubali. Alitaka kuona. Nikachukua chupa ya plastiki angavu, ya lita moja na nusu hivi, nikatia maji ya uvuguvugu kina cha vidole viwili, nikafunga, nikatikisa. Ukiibana chupa kwa nguvu kisha ukaiachia ghafla, hewa ya ndani hutanuka na kupoa. Tulibana na kuachia mara tatu, na ndani hatukuona kitu cha maana. Kisha nikawasha kiberiti, nikakizima, nikaingiza moshi wake kidogo chupani na kufunga upesi. (Kiberiti akishike mtu mzima.) Tukabana, tukaachia: ukungu mweupe ukajaa chupa nzima. Ukibana tena unatoweka, ukiachia unarudi. Darasa zima lilitaka kushika ile chupa. Ikikukatalia, sababu mara nyingi ni kwamba moshi umeutia mwingi mno na huoni tofauti, au kifuniko kinavuja. Weka karatasi nyeusi nyuma ya chupa, ukungu utaonekana vizuri zaidi.

Tatizo la mwisho lilinipa ukurasa bora kuliko zote. Kitone cha wingu kina upana wa karibu milimita 0.02, ndiyo maana kinaelea. Tone la mvua la kawaida lina kama milimita 2, yaani upana mara 100. Zidisha 100 kwa 100 kwa 100, kwa sababu tone lina urefu, upana na kina: vitone karibu milioni moja vinapaswa kugongana na kuungana ili tone moja lianguke. Sasa, kama kila kitone kilianza na chembe yake, Kivumbi hawezi kuanguka peke yake! Nikafuta mwisho wa zamani, ambapo alishuka mpweke akiimba. Sasa anagongwa na jirani, wanakuwa wawili ndani ya maji mamoja, kisha wanne, kisha hawahesabiki, na wanashuka wakisukumana kama abiria.

Kuna mambo niliyaacha kwa makusudi. Mawingu marefu yana barafu juu, na mvua nyingi huanza kama barafu inayoyeyuka njiani. Mimi nikachagua wingu la chini lenye joto ili nisiongeze mhusika mwingine. Na slaidi ya 10, ya maji yanayozama ardhini, Kivumbi haiwezi, kwa sababu udongo humchuja. Nimemwacha akwame juu ya udongo akiwasikia maji wanateremka, na nusu nyingine ya wenzake wameangukia kioo. Slaidi ya 10 nitaifundisha kama slaidi.

Nilipomaliza kusoma mara ya pili, yule mtoto wa "amelowa" hakuuliza kitu. Aliinuka akaenda dirishani, akatafuta doa kubwa kuliko yote, akaweka jicho karibu kabisa na kioo. "Mwalimu," akasema, "hapa wako wote."